Mpigaji wa ova 20 anapoitwa mechi ya siku mbili

*"Kocha, shikamoo. Nina miaka 19, nafungua upigaji kwenye klabu yetu ya kriketi hapa Dar na mechi zetu zote ni za ova 20. Sasa nimeitwa kucheza mechi ya siku mbili, sijawahi. Juzi niliangalia mechi ya siku tano kwenye simu, mpigaji akaacha mipira kumi na kitu ipite bila kuigusa na watu wanampigia makofi! Mimi nikiacha miwili mfululizo kocha wangu anapiga kelele. Rafiki yangu anasema mechi ndefu ni ya kujilinda tu na ya ova 20 ni ya kubomoa tu. Ni kweli? Na ile sheria ya ova sita za kwanza, watu wawili tu nje ya duara, kwenye siku mbili ipo? Nichezeje?"*

Marahaba, kijana wangu. Nianze na duara, maana jibu lake ni fupi: halipo. Ukifika uwanjani siku hiyo hutaviona vile visahani vyeupe vilivyopangwa kwenye nyasi, na kapteni wa wapinzani atawasimamisha watu wake popote anapotaka, kuanzia ova ya kwanza mpaka jua linazama. Kitakachombana ni lile katazo la kriketi yote, kwamba mrushaji anapoachia mpira, upande wa legi, yaani wa miguuni kwa mpigaji, nyuma ya mstari wake wasiwepo walinzi zaidi ya wawili, ukimwacha kipa. Zaidi ya hapo, yuko huru.

Rafiki yako amepatia nusu, na ile nusu aliyokosea ndiyo itakayokutoa mapema usipoirekebisha. Tufanye hesabu kidogo kwanza.

Kwenye ova 20 timu yako ina mipira 120 na wiketi 10, yaani wapigaji kumi wakitolewa zamu yenu imekwisha. Gawanya: kila wiketi ina mipira 12 tu ya kutumia. Sasa chukua mechi ya Testi, siku tano, ambapo kwa kawaida hupangwa ova 90 kwa siku. Hizo ni ova 450, na zikigawanywa kwa zamu nne za kupiga, kila zamu inapata ova kama 112, yaani mipira 670 na ushei. Kila wiketi hapo ina mipira kama 67. Mechi yako ya siku mbili, kama kila timu itapiga mara moja na kila siku ni ova 90, inakupa mipira 54 kwa kila wiketi. Wachezaji ni walewale 11, beti ni ileile, pichi ni ileile ya mita 20 na kidogo. Kilichobadilika ni kitu gani kiko adimu.

Wewe unajua bando la saa 24. Ikifika usiku na bado una data, unafungua hata video usiyoitaka, kwa sababu isipotumika inapotea. Wiketi za T20, hiyo mechi yako ya ova 20, ni bando la namna hiyo. Timu ikimaliza ova 20 ikiwa imepoteza wiketi tatu tu, zile saba zilizobaki zimeoza mkononi, hakuna wa kuzinunua. Kwa hiyo kocha wako hakosei anapopiga kelele: mpira ulioachwa ni sehemu moja ya 120 imetupwa. Kwenye mechi ndefu bando ni la mwezi mzima. Mipira ipo tele, lakini ukimaliza wiketi umekaa nje ya uwanja ukitazama wenzako wanachezea siku iliyobaki. Yule mpigaji wa kwenye simu yako alikuwa anatumia kilicho kingi ili kulinda kilicho kichache, na waliompigia makofi walilijua hilo.

Sasa turudi kwenye duara. Nimewafundisha vijana wengi wanaolijua kwa kichwa bila kujua kwa nini liliwekwa, na asiyejua sababu yake halitumii vizuri.

Duara lenyewe si duara hasa. Linachorwa kutoka kwenye vijiti vya kila upande, yadi 30, au mita 27 na nusu hivi, kisha nusu duara mbili zinaunganishwa kwa mistari iliyonyooka, likawa na umbo la yai. Ukiondoa mrushaji na kipa, kapteni ana watu tisa wa kupanga. Ova sita za kwanza, zile tunazoziita pawaplei, anaruhusiwa kuweka wawili tu nje ya umbo hilo. Saba lazima wawe ndani. Kuanzia ova ya saba anaruhusiwa watano nje, kwa hiyo ndani wanabaki angalau wanne. Mvua ikipunguza ova, pawaplei nayo inapunguzwa kwa uwiano uleule wa karibu theluthi moja.

Kwa nini? Kwa sababu bila sheria kapteni mwenye akili atawatupa wote mpakani. Hilo lilitokea kweli. Mwaka 1979 kule Sydney, West Indies walihitaji mikimbio mitatu kwenye mpira wa mwisho, na kapteni wa England, Mike Brearley, akawapeleka walinzi wote mpakani, kipa naye akiwemo. Sheria ya wakati huo haikumzuia. England walishinda, lakini watazamaji hawakuja uwanjani kuangalia watu wakisimama kama nguzo za uzio. Ndipo mipaka ya namna hiyo ikaanza kuingia kwenye mechi za ova chache, ikabadilishwa mara nyingi kabla ya kufika hii ya leo.

Walioonyesha dunia namna ya kuitumia ni Sri Lanka kwenye Kombe la Dunia la 1996, na sisi wa Afrika Mashariki tunalikumbuka kwa uchungu kidogo. Wakati ule, kwenye mechi za ova 50, masharti makali yalikuwa kwa ova 15 za mwanzo. Timu nyingi zilizitumia kujenga taratibu. Sri Lanka wakawaagiza wafunguzi wao wapige juu ya vichwa vya walinzi tangu mwanzo, na pale Kandy tarehe 6 Machi Kenya wakakutana na moto huo: mikimbio 398 kwa wiketi 5, rekodi ya dunia ya mechi za ova 50 kwa siku zile. Na hii ni Kenya ileile iliyokuwa imewafunga West Indies siku sita kabla.

Mfunguzi wa T20 leo anafanya biashara hiyohiyo kwa ova sita. Anatazama wale wawili wa nje wamesimama wapi, na kila upande ambao hawapo ni kiwanja kitupu. Mpira uliopigwa vizuri ukivuka vichwa vya wale wa ndani, hata usipofika hewani mpaka mwisho, utadunda na kwenda wenyewe kwa nne. Ukipigwa vilevile ova ya kumi, kuna mtu kwenye uzio anauokota, unapata mmoja. Tofauti ni mikimbio mitatu kwa pigo lilelile. Ndiyo maana unaambiwa uthubutu mapema.

Lakini kuna bei. Mpira mweupe ukiwa mpya unapinda hewani, mara nyingi kwa ova mbili tatu tu, na mrushaji mzuri anajua ana dakika chache za kukutoa. Kwa hiyo hata ndani ya pawaplei ova ya kwanza na ya tano si sawa. Ukinipeleka kufungua leo, mipira minne mitano ya kwanza nitaitazama inafanya nini kabla sijaanza kunyoosha mikono. Makapteni wengi huweka slipu mmoja, mlinzi wa kudaka anayesimama kando ya kipa, kwenye ova hizo mbili za mwanzo, kisha wanamwondoa. Akiondolewa yule slipu, wamekubali kwamba mpira umeacha kupinda na sasa wanazuia mikimbio. Hiyo ni ishara yako, na utaikuta tena kwenye mechi ndefu.

Huko kwenye siku mbili, utakapoingia ova ya kwanza, tazama kwa makini. Utaona slipu wawili au watatu wamejipanga kando ya kipa, mwingine pembeni yao, labda na mmoja karibu kabisa na mguu wako. Watu sita saba wamekusogelea kama wanaosubiri ubwabwa msikitini. Na nyuma yao? Kutupu. Mpakani unaweza kumkuta mmoja, au asiwepo hata mmoja.

Kijana wangu, hapo ndipo rafiki yako alipokosea. Kiwanja kitupu cha ova za mwanzo kipo kwenye mechi zote mbili. Kwenye T20 sheria ndiyo iliyokitupa, kapteni asingependa. Kwenye mechi ndefu kapteni mwenyewe kakitupa kwa hiari, kwa sababu anawinda wiketi kuliko anavyolinda mikimbio, na amekuwekea hizo nafasi kama chambo. Anataka ukimbilie kupiga mpira ulio nje ya kijiti cha ofu, kile cha mbali na miguu yako, beti ishike ukingo, mpira uende kwa slipu. Yaani anayeshambulia asubuhi ya kwanza ya mechi ndefu ni timu inayorusha. Mpigaji anajilinda dhidi ya mashambulizi, si kwamba mchezo wenyewe umepoa.

Nikuonyeshe kwa ova moja. Mrushaji wa kasi, mpira mwekundu mpya. Mpira wa kwanza anauangusha nje kidogo ya kijiti cha ofu, unakwenda zake, unauacha. Wa pili, palepale; unauacha. Wa tatu, sentimita chache karibu zaidi. Unauacha, moyo unadunda. Kwenye T20 asingethubutu kurudia mahali pamoja mara tatu, kwa sababu mara ya tatu ungekuwa umeshajipanga kumpeleka juu ya kava, yule mlinzi wa mbele upande wa ofu. Huku anakuzoesha. Wa nne, palepale tena. Wa tano anaurusha kutoka pembe ileile, lakini huu unaingia ndani, kuelekea vijiti. Aliyezoea kuacha akanyanyua beti anasikia vijiti vikilia nyuma yake. Mrushaji wa mechi ndefu anaweza kuisuka hila ya namna hii kwa ova nne tano, kwa sababu hana kikomo cha ova isipokuwa kwamba harushi ova mbili mfululizo. Kwenye T20 ana ova nne tu kwa siku nzima, mipira 24, na kila mmoja lazima uwe tofauti kidogo na uliopita: huu wa polepole, huu wa miguuni, huu mpana. Wa T20 anakuficha kinachokuja, na wa mechi ndefu anakuonyesha kitu kilekile mpaka unakiamini.

Mimi nililipia somo hili. Mara yangu ya kwanza kwenye mechi ya siku tatu nilikuwa na umri kama wako, na nilikuwa nimetoka kufunga nusu mia kwenye mechi ya ova chache wiki iliyotangulia. Nikaona kava hakuna mtu. Nikasema hawa wamelala. Mpira wa sita nikaupiga kwa nguvu zote, ukashika ukingo, slipu wa pili hakusogeza hata mguu. Nikakaa chini ya mti kuanzia saa nne kasoro mpaka jioni ya siku ile, nikawatazama wenzangu wakikusanya mikimbio kwenye uleule upande wa kava, mchana, mpira ulipokuwa umechakaa na slipu wameondoka.

Kwa hiyo kuacha mpira ni kazi, na ina malipo. Kila unaoacha, mrushaji amekimbia hatua zake ishirini bure, jua linamwakia, na mpira unakwaruzika. Kwenye Testi mpira mpya mwingine unaruhusiwa baada ya ova 80, kwa hiyo kuanzia kama ova ya 30 mpaka hapo mpigaji ana kipindi kirefu cha mpira uliolainika. Mipira ya asubuhi unaiacha ili mchana ukukute bado umesimama.

Mfano uliokwenda mbali kuliko yote niliyoiona ni wa Sydney, Januari 2021. India walikuwa wamepewa lengo la mikimbio 407 na Australia, na siku ya mwisho Hanuma Vihari akapata jeraha la msuli wa paja, hawezi kukimbia. Mwenzake, Ravichandran Ashwin, mgongo unamsumbua. Wawili hao wakasimama pamoja zaidi ya ova 42 mpaka mechi ikaisha sare. Vihari alifunga mikimbio 23 kwa mipira 161. Fikiria: mtu mmoja alikabili mipira mingi kuliko zamu nzima ya timu kwenye T20, akapata 23, na India nzima ikashangilia. Mechi ndefu ina matokeo ambayo T20 haina: sare kwa sababu muda umekwisha. Wapinzani walihitaji wiketi tano tu za mwisho na hawakuzipata. Kwenye T20 ungekuwa umefungwa tangu asubuhi.

Lakini usije ukaondoka ukidhani kwamba ova 20 basi ni kubomoa. Nusu hiyo ya kauli ya rafiki yako nayo ina tundu, na tundu lenyewe tumelitoboa sisi wa huku. Juni 2024, Kombe la Dunia la T20, Uganda dhidi ya Papua New Guinea pale Guyana. Pichi ilikuwa nzito, mpira unashika. Uganda walirusha kwanza, na Frank Nsubuga, mwenye miaka 43 wakati huo, akamaliza ova zake nne akiwa ametoa mikimbio minne tu na kuchukua wiketi mbili. Papua New Guinea wakaishia 77. Lengo 78, ova 20. Hiyo ni chini ya mikimbio minne kwa ova.

Uganda wakaingia, na kabla watu hawajakaa vizuri wakawa 26 kwa wiketi 5. Ndipo Riazat Ali Shah alipoamua kucheza kana kwamba yuko kwenye siku ya pili ya mechi ya siku nne. Mmoja, mmoja, kuacha, kuzuia, mmoja. Alifunga mikimbio 33 kwa mipira 56. Kwa mechi nyingine za T20 mwendo huo ungemgharimu nafasi kwenye timu. Siku ile alitangazwa mchezaji bora wa mechi. Uganda walishinda kwa wiketi tatu zikiwa zimebaki mipira kumi. Alichokifanya ni kupiga upya ile hesabu yetu ya mwanzo. Kwa lengo dogo hivyo mipira ilikuwa imegeuka kuwa mingi, na wiketi ndizo zikawa adimu. Anayebeba hesabu hiyo kichwani hahitaji kuuliza ni mechi ya aina gani anacheza.

Jambo moja zaidi la mechi ndefu ambalo T20 haikukufundisha ni kwamba muda wenyewe unachezwa. Timu inaweza kusimamisha zamu yake ya kupiga kwa hiari, tunasema imetangaza, hata kama wiketi zimebaki. Kwa mchezaji wa ova 20 hili linasikika kama wazimu: unaachaje mikimbio ya bure? Kenya waliliona kwa macho yao Windhoek, Oktoba 2005, fainali ya Kombe la Mabara, mechi ya siku tatu dhidi ya Ireland. Kenya walipiga kwanza wakapata 401 kwa wiketi 4, Steve Tikolo peke yake 177 bila kutoka. Ireland wakafika 313 kwa wiketi 4, wapigaji wao wamekaa vizuri, na kapteni wao Trent Johnston akatangaza. Wako nyuma kwa mikimbio 88 na wamesimama wenyewe!

Johnston alikuwa akiihesabu saa. Angeendelea kupiga mpaka awafikie Kenya, siku tatu zingekwisha bila mtu kushinda kwa wiketi. Kwa kutangaza aliwarudisha Kenya kwenye kupiga wakati bado kuna muda wa kuwatoa wote na wa kufukuza lengo. Kenya wakatoka kwa 156. Ireland wakahitaji 245, wakazipata wakiwa na wiketi sita mkononi. Aliuza mikimbio akanunua muda, na kwenye ova 20 soko hilo halipo.

Sasa mechi yako. Kabla hata hujafunga pedi, muulize kapteni wako mambo haya, kwa sababu mechi za siku mbili hazifanani: zamu ya kwanza ina kikomo cha ova au haina? Kila timu inapiga mara moja au mbili? Mshindi anaamuliwaje kama muda ukiisha, ni sare, au anayeongoza kwa zamu ya kwanza ndiye anayeondoka na pointi? Nimeona mfunguzi akizuia siku nzima kuokoa sare, kumbe kanuni za mashindano yale zilimpa ushindi aliyeongoza zamu ya kwanza na timu yake ilikuwa nyuma kwa mikimbio tisa. Hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza.

Ukiingia, jipe ova kumi za mwanzo za kazi moja tu: kujua kijiti chako cha ofu kiko wapi. Wafunguzi wengi wa T20 husimama kushoto kwa kijiti cha katikati ili wapate nafasi ya kunyoosha mikono upande wa ofu. Kwa mechi ndefu mwombe mwamuzi akupe alama ya kati, kisha hakikisha mrushaji anapoachia mpira kichwa chako kiko juu ya mstari wa kijiti cha ofu. Ukiwa hapo sheria ni nyepesi: mpira ulio nje ya macho yako hauendi kwenye vijiti, uache. Ulio chini ya macho yako, uzuie. Ulio kwenye miguu yako, upande wa legi, ni chakula chako, piga. Ila usiache huku umenyanyua beti bila kutazama. Utazame mpira mpaka glavu za kipa.

(Hayo ya kushoto na kulia nimeyasema kwa mpigaji wa mkono wa kulia. Kama wewe ni wa kushoto, geuza.)

Baada ya hapo soma uwanja. Slipu wa tatu akiondoka kwenda kava, mpira umeanza kuchoka, anza kutafuta mmoja mmoja. Slipu wa pili akiondoka na mtu akapelekwa mpakani, wameanza kujilinda wao. Sasa mapigo yako ya T20 yana kazi, na hapa una faida ambayo wazee wetu hawakuwa nayo, maana unajua kupiga juu ya duara hata kama duara halijachorwa. Usiyatumie yote kwa mpigo mmoja. Mrushaji wa kuzungusha akiingia, pigo la kufagia linaweza kukupa nne, lakini kwenye siku ya pili pichi ikiwa imepasuka, mpira uleule unaweza kudunda kwenye ufa ukageuka vingine. Kagua mahali mipira inapodunda kati ya ova na ova, na gonga nyasi zilizonyanyuka kwa ncha ya beti.

Usibadilishe mshiko wa beti wala mwendo wa kuinyanyua kwa ajili ya mechi moja. Hilo ni la msimu mzima, na ukilijaribu wiki hii utaharibu T20 yako bila kupata mechi ndefu. Badilisha uamuzi wa mpira upi upigwe, basi.

Yapo ambayo siwezi kukusaidia kwa maandishi. Nenda kwenye neti mara mbili kabla ya siku hiyo, mwombe kocha wako akurushie mipira 60 kwa mkono kutoka mita 15 hivi, yote nje kidogo ya kijiti cha ofu, na mara mojamoja auingize mmoja ndani bila kukuonya. Hesabu mingapi umeacha sawasawa. Mweke mwenzako nyuma ya neti na simu, arekodi kwa usawa wa vijiti. Kwenye video angalia kitu kimoja: mpira unapoachiwa, kichwa kiko wapi. Kama kinaangukia upande wa ofu ukipoteza usawa, kila mpira wa miguuni utakugonga pedi ukiwa mbele ya vijiti, na hilo kocha alirekebishe kwa macho yake, asikusimulie.

Na vaa helmeti inayokukaa, si ile ya klabu inayocheza kichwani. Kwenye mechi ndefu mrushaji ana muda wa kukurushia mipira ya kifuani na kichwani zaidi ya uliyozoea. Ukigongwa kichwani, hata ukijisikia mzima, toka nje uangaliwe na daktari siku hiyohiyo. Kizunguzungu, kichefuchefu au kuona maruweruwe vinaweza kuja saa kadhaa baadaye, ukiwa umeshafika nyumbani, kwa hiyo usilale peke yako usiku huo.